Uwanja mmoja, vita vitatu: kwa nini mateka mmoja alirudi nyumbani na mwenzake akazikwa handakini

Kusini-magharibi mwa Poland, karibu na mji wa Opole, kuna kijiji kinachoitwa Łambinowice. Zama za utawala wa Wajerumani kiliitwa Lamsdorf. Miaka ya 1860 jeshi la Prussia, ufalme wa Kijerumani uliotawala eneo hilo, lilitenga uwanja mkubwa hapo kwa mazoezi ya mizinga, na palipo na uwanja, walinzi na reli, ndipo serikali inapokimbilia siku inapojikuta na maelfu ya askari wa adui ambao haijui iwaweke wapi. Lamsdorf palifanywa kambi ya mateka katika vita vitatu: mwaka 1870, tena mwaka 1914, na tena mwaka 1939.

Kambi za mateka ni nyingi duniani, lakini nimeichagua hii kwa sababu mahali ni pale pale, baridi ni ile ile, na jeshi linaloshika ni la taifa lile lile. Hata hivyo, katika vita vya kwanza walikufa hapo mateka 53 kati ya 3,000 hivi. Katika vya pili walikufa kiasi cha 7,000 kati ya 90,000. Katika vya tatu, kwa Wasovieti peke yao, walikufa kiasi cha 40,000 kati ya 200,000 waliopitia hapo, ilhali ng'ambo ya pili ya uwanja huo huo Waingereza walikuwa wakipiga mpira na kuigiza tamthilia. Ukiweza kueleza tofauti hiyo, umeeleza sehemu kubwa ya habari ya mateka wa vita.

Tuanze na neno lenyewe. Mateka ni mtu aliyetekwa, na zamani aliyetekwa alikuwa mali ya aliyemteka. Angeweza kumuua, kumuuza au kumfanya mtumwa, au kuwaambia ndugu zake walete fidia. Sheria ya vita ya kisasa ilianza kwa kuligeuza hilo. Kanuni za The Hague za mwaka 1899, zilizorudiwa mwaka 1907, zinasema mateka yuko mikononi mwa serikali ya adui, si mikononi mwa askari au kikosi kilichomkamata. Vitu vyake binafsi vinabaki vyake, isipokuwa silaha, farasi na karatasi za kijeshi. Hakutekwa kwa sababu ana kosa. Anazuiwa tu asirudi kupigana, na serikali inayomzuia imejitwika mzigo wa kumlisha.

Mzigo huo wa kulisha ndio kila kitu, kama tutakavyoona.

Mwaka 1870, katika vita vya Ufaransa na Prussia, Wafaransa walipoletwa Lamsdorf, kanuni hizo hazikuwapo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 uliwahusu majeruhi, haukuwahusu mateka wazima. Prussia na washirika wake walikuwa wamekamata Wafaransa karibu 400,000 ndani ya miezi michache, hesabu ambayo hakuna aliyeitarajia. Maofisa wengi walitoa neno lao la heshima kwamba hawatatoroka, wakaachwa wapange vyumba mjini. Askari wa kawaida waliwekwa kwenye mahema na mabanda. Walipata baridi na maradhi, lakini vita vilikwisha upesi na Ujerumani haikuwa na njaa, kwa hiyo wengi walirudi kwao mwaka 1871. Bila mkataba wowote juu ya mateka, hiki ndicho kipindi ambacho Lamsdorf paliua watu wachache zaidi. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba karatasi iliyotiwa saini inatosha kuokoa mtu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuja na sheria tayari mkononi. Ujerumani, Urusi, Ufaransa na Uingereza zote zilikuwa zimekubali kanuni za The Hague, ambazo zinataka mateka apewe chakula, malazi na mavazi kama ya askari wa nchi inayomshikilia. Lakini hakuna aliyekuwa amepiga hesabu ya vita vya miaka minne. Hadi vita vinakwisha, Ujerumani ilikuwa na mateka karibu milioni 2.5, huku manowari za Uingereza zimefunga bahari na Wajerumani wenyewe hawana cha kula. Kanuni ilisema mateka ale kama askari wa Ujerumani, na mwaka 1917 hata raia wa Berlin alikuwa akila mboga ya mizizi inayolishwa ng'ombe.

Hapo ndipo mateka walipoanza kutofautiana ndani ya uzio mmoja. Mfaransa na Mwingereza waliletewa vifurushi kutoka kwao, vyenye mkate, nyama ya kopo, sabuni na soksi, vikipitia nchi zisizopigana kama Uswisi na Uholanzi. Mrusi, Mserbia na Mromania hawakuwa na wa kuwaletea, ama kwa sababu nchi zao zilikuwa zimevamiwa, ama kwa sababu serikali zao zilikuwa mbali na maskini. Hao ndio waliokula supu ya kambi peke yake, na homa inayoenezwa na chawa ilipoingia kwenye mabanda iliwakuta miili imekwisha.

Habari ya Waitaliano inauma zaidi, kwa sababu njaa yao ilitoka nyumbani. Serikali ya Italia iliamini kwamba askari akijua mateka wanakula vizuri atajisalimisha kwa urahisi, kwa hiyo ilikataa kuwapelekea watu wake msaada wa serikali na ikavikwamisha vifurushi vya familia. Kati ya Waitaliano 600,000 hivi waliokamatwa na Austria na Ujerumani, takriban 100,000 walikufa. Uzio ulijengwa na adui, lakini aliyewanyima mkate alikuwa waziri wao. Kumbuka jambo hili, maana litarudi kwa sura nyingine na upande mwingine.

Baada ya vita hivyo mataifa yalikutana Geneva na tarehe 27 Julai 1929 yakatia saini mkataba mpya, safari hii ukihusu mateka peke yao, wenye vifungu 97. Ulizuia waziwazi kuwalipizia mateka kisasi kwa makosa ya serikali yao. Ulisema mateka akihojiwa analazimika kutaja jina na cheo chake, au namba yake, basi. Ukaagiza kwamba nchi isiyopigana, mara nyingi Uswisi, iruhusiwe kutuma wakaguzi kambini na kuongea na mateka bila mlinzi kusikiliza. Na ukaimarisha jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililookoa watu wengi kuliko vifungu vingine vyote: orodha.

Tufuate safari ya Mwingereza mmoja aliyekamatwa mwaka 1940 au 1941, kwa sababu utaratibu wake ulikuwa karibu sawa kwa wote. Kwanza alipelekwa kambi ya muda, Dulag kwa ufupisho wa Kijerumani, mahali pa kuhesabiwa na kuhojiwa. Kisha alipakiwa kwenye behewa la mizigo, siku kadhaa bila kunyoosha miguu, hadi Stalag, yaani kambi kuu ya askari wa kawaida. Maofisa walikuwa na kambi zao, Oflag. Kambi ya Lamsdorf iliitwa Stalag VIII-B. Hapo alinyolewa, nguo zake zikapigwa mvuke kuua chawa, akapigwa picha ameshika ubao wenye namba, na alama ya kidole chake ikachukuliwa.

Halafu alivishwa shingoni kibati cha madini chenye jina la kambi na namba yake. Kibati kilikuwa na mstari wa vitundu katikati na maandishi yamerudiwa juu na chini. Mateka akifa, nusu moja ilivunjwa kwa ajili ya kumbukumbu na nusu ya pili ilibaki na maiti. Kadi yake ilifunguliwa kambini, taarifa zikaenda ofisi ya jeshi Berlin, na kutoka huko jina likafika Geneva, kwa Shirika la Msalaba Mwekundu. Geneva ikaiarifu London. Mama yake, aliyekuwa ameshapokea barua ya "hajulikani alipo", akaambiwa kwamba mwanawe yu hai na anwani yake ni hii.

Tangu siku hiyo mtu huyo alikuwa anahesabika. Akifa, Berlin ingeulizwa alikufaje. Angeweza kuandika barua na kujibiwa. Na angeweza kuletewa kifurushi chenye jina la kambi yake: sanduku la kilo 5 hivi lenye majani ya chai, sukari, maziwa ya kopo, nyama, biskuti, siagi, jamu na sabuni, pamoja na sigara zilizogeuka kuwa sarafu ya kambi. Chakula cha Wajerumani kilikuwa mkate mweusi, viazi na supu nyepesi. Mtu angeishi kwa hicho, lakini angekonda na kuugua. Waliopita huko walisema wazi kwamba sanduku ndilo lililowaweka hai, na ushahidi wake ni majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945: reli za Ujerumani zilipopigwa mabomu na masanduku yakakatika, Waingereza nao walianza kulala njaa.

Sisemi kwamba maisha ya Mwingereza Lamsdorf yalikuwa mema. Askari wa kawaida alilazimika kufanya kazi, kwa kuwa mkataba uliwaruhusu maofisa tu wakatae, na vikundi vya kazi vilitumwa kwenye migodi ya makaa ya mawe, viwanda na reli kote Silesia, jimbo ambamo Lamsdorf imo. Wengine walijeruhiwa huko na wengine walikufa. Ila kulikuwa na mpaka ambao Wajerumani kwa kawaida hawakuuvuka, na sababu yake ilionekana wazi katika kisa cha pingu.

Tarehe 19 Agosti 1942 wanajeshi, wengi wao Wakanada, walishambulia bandari ya Dieppe huko Ufaransa na wakashindwa vibaya. Wajerumani walikuta kwa waliokamatwa agizo la kuwafunga mikono mateka wa Kijerumani. Mwezi Oktoba likatokea tukio lingine kama hilo katika kisiwa cha Sark, na baadhi ya Wajerumani waliofungwa waliuawa. Hitler akaamuru kisasi: tarehe 8 Oktoba, mateka zaidi ya 1,300, wengi wao Wakanada waliokuwa Lamsdorf, wakafungwa mikono. Mwanzoni walifungwa kwa kamba zile zile zilizofungia masanduku ya Msalaba Mwekundu, baadaye kwa pingu zenye mnyororo. Uingereza na Kanada nazo zikawatia pingu Wajerumani walio mikononi mwao, na kwenye kambi ya Bowmanville huko Kanada mateka wa Kijerumani wakajifungia ndani na kupigana na walinzi.

Huko Lamsdorf pingu zilivaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni. Mateka wakagundua kwamba ufunguo wa kufungulia kopo la samaki unafungua na pingu, na kadiri miezi ilivyopita walinzi wakawa wanawaletea tu pingu sandukuni na kuzikusanya jioni. Uswisi ikawa inapatanisha. Uingereza na Kanada ziliacha Desemba 1942, Ujerumani ikaacha Novemba 1943. Mkataba ulikuwa umekataza kisasi na kisasi kilifanyika, lakini angalia kilipoishia. Hakuna aliyethubutu kwenda mbali zaidi ya pingu, kwa sababu kila upande ulikuwa na vijana wake kwa maelfu katika mikono ya mwenzake. Huo ndio ulinzi wenyewe. Mateka wako ni rehani ya mateka wangu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua upande wa pili wa rehani hiyo bila kwenda mbali. Waitaliano waliposhindwa Ethiopia mwaka 1941, makumi ya maelfu waliletwa kambi za Kenya. Gavana wao, Duke wa Aosta, alijisalimisha Amba Alagi mwezi Mei mwaka huo, akafia Nairobi akiwa mateka mwezi Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri. Anayeshuka bonde la ufa kwa barabara ya zamani kuelekea Mai Mahiu hupita kikanisa kidogo kando ya njia. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka hao waliokuwa wakitengeneza barabara.

Kwenye kambi namba 354 ya Nanyuki alikuwamo Felice Benuzzi, ambaye kila asubuhi alikuwa akiutazama Mlima Kenya juu ya seng'enge. Mwezi Januari 1943 yeye na wenzake wawili, Balletto na Barsotti, walitoroka ili waupande. Kamba walisokota kwa nyuzi za katani kutoka vitandani, shoka za barafu walizifua kutokana na nyundo, na ramani yao kuu ilikuwa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Batian, kilele cha juu kabisa, iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, na baada ya siku 18 wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, na mkuu wa kambi akawaachia baada ya siku 7, kwa kuwa aliiheshimu jitihada yao.

Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya mlima. Mimi hukisimulia kwa ajili ya siku 28. Mkataba wa 1929 unasema anayetoroka akakamatwa apewe adhabu ya nidhamu tu, na kifungo chake kisizidi siku 30. Mkuu wa kambi pale Nanyuki aliwapa siku 28 kwa sababu kulikuwa na ukingo wa 30 na wakaguzi wa kuulinda. Mwingereza aliyetoroka Lamsdorf akarudishwa naye kwa kawaida aliingizwa selo kwa siku zinazohesabika, akatoka. Sheria ile ile ilikuwa inafanya kazi Nanyuki na Silesia kwa wakati mmoja.

Sasa tuvuke upande wa pili wa uwanja.

Mwezi Julai 1941, wiki chache baada ya Ujerumani kuushambulia Umoja wa Kisovieti, kambi ya pili ilifunguliwa Lamsdorf. Ilipewa namba 318. Wanajeshi wa Jeshi Jekundu walipoanza kufika, hakukuwa na majengo ya kuwatosha. Walipewa uwanja na uzio, wakachimba mashimo kwa mikono na makopo ili wajikinge na upepo. Walikula majani na magome ya miti. Wengi walikuwa wamekwisha kutembezwa mamia ya kilomita bila chakula au kuletwa kwa mabehewa ya wazi. Mwezi Oktoba 1941 jeshi la Ujerumani likapunguza posho ya chakula chao, na tarehe 13 Novemba jenerali aliyesimamia ugavi, Eduard Wagner, akawaambia wakuu wa majeshi katika mkutano wa Orsha kwamba mateka wasiofanya kazi kambini wafe njaa. Lilikuwa agizo la kazi, si maneno ya hasira. Kufika Februari 1942 walikuwa wamekufa kiasi cha milioni 2, kati ya milioni 3 na zaidi waliokamatwa tangu Juni. Hadi vita vinakwisha waliokufa ni takriban milioni 3.3 kati ya milioni 5.7. Kwa Waingereza na Wamarekani mikononi mwa jeshi hilo hilo, kati ya kila mateka 100 walikufa watatu au wanne.

Ujerumani ilijitetea kwamba Umoja wa Kisovieti haukutia saini mkataba wa 1929, na hilo ni kweli. Lakini utetezi huo haukuwaridhisha hata Wajerumani wenyewe. Mwezi Septemba 1941 Admirali Canaris, mkuu wa ujasusi wa jeshi, alipeleka waraka akisema kwamba pasipo mkataba bado kuna desturi ya mataifa ya zaidi ya karne moja, inayosema utekwa si kisasi wala adhabu. Jemadari Keitel, mkuu wa kamandi kuu ya jeshi, alijibu pembeni mwa waraka kwamba fikra hizo ni za vita vya kiungwana, na kwamba hapa kazi ni kuangamiza itikadi nzima. Waraka huo na maandishi yake ulitolewa kama ushahidi kwenye kesi ya viongozi wa Wanazi huko Nuremberg, na Keitel akanyongwa mwaka 1946.

Moscow nayo iliwaacha watu wake. Mwezi Julai 1941 ilipitisha kupitia Sweden pendekezo la kufuata kanuni za The Hague iwapo Ujerumani nayo itafuata, Berlin ikakataa. Baada ya hapo Stalin hakuendelea. Amri namba 270 ya mwezi Agosti iliwahesabu wanaojisalimisha kuwa wasaliti. Yakov, mtoto wa Stalin mwenyewe, alikamatwa kiangazi hicho na akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1943. Hakukuwa na orodha za Geneva, wala masanduku, wala mkaguzi wa Uswisi, na hakukuwa na mama wa Smolensk aliyeandikiwa anwani ya mwanawe. Nilisema habari ya Waitaliano wa mwaka 1917 itarudi. Hii hapa, ila sasa adui naye alikuwa ameamua kuua.

Na rehani ilipokosekana upande mmoja, ilikosekana na upande wa pili. Wajerumani 91,000 hivi walijisalimisha Stalingrad mwanzoni mwa 1943, wakiwa tayari wamekonda kwa njaa na homa ya chawa. Waliorudi nyumbani ni kiasi cha 5,000 au 6,000, wa mwisho wakati miaka ya 1950 imeshafika katikati.

Huko Lamsdorf Wasovieti walipangwa makundi tena. Polisi wa siri waliingia kambini kuwachambua makamisaa wa chama na Wayahudi, wakawatoa kupelekwa kuuawa kwenye kambi za mateso, Auschwitz ikiwamo. Kifo kilipungua kidogo tu pale Berlin ilipogundua, mwishoni mwa 1941, kwamba migodi haina watu. Tangu hapo Msovieti alilishwa kiasi cha kumwezesha kushika koleo. Askari wa Kiingereza waliokuwa ng'ambo waliona mikokoteni ya maiti, na wengine walirusha mkate na sigara juu ya uzio, jambo lililowafanya walinzi wafyatue risasi.

Kwa hiyo aliyekuwa akiamua nani ale na nani afe hakuwa mkataba peke yake. Lilikuwa swali la nani ameitwa mateka wa vita na nani amenyimwa jina hilo. Mwezi Oktoba 1944 Lamsdorf ilipokea watu 6,000 hivi walioshindwa katika maasi ya Warsaw, wakiwamo wanawake karibu 1,000 na watoto. Kwa wiki kadhaa Wajerumani walikuwa wakiwapiga risasi wapiganaji hao kama majambazi. Kilichobadilika ni kwamba mwishoni mwa Agosti London na Washington zilitangaza kuwa jeshi la siri la Poland ni sehemu ya majeshi ya Washirika, na atakayeliua atawajibika. Mkataba wa kujisalimisha wa tarehe 2 Oktoba ukawapa hadhi ya mateka. Msichana aliyekuwa na kitambaa tu mkononi badala ya sare akapata namba na kibati.

Miaka minane baadaye, serikali ile ile ya Uingereza iliyowapigania Wapoland ilikuwa na vita vyake Kenya. Haikuviita vita. Iliviita hali ya hatari, na wapiganaji wa Mau Mau pamoja na makumi ya maelfu waliodhaniwa kuwaunga mkono wakaitwa mahabusu, wahalifu, watu wa kusafishwa akili. Mkuki kwa nguruwe. Mataifa yalikuwa yamekwisha kuandika upya mikataba ya Geneva mwaka 1949, na kuweka kifungu cha mapigano ya ndani ya nchi kinachokataza mateso kwa yeyote asiyeshika silaha. Uingereza iliridhia mikataba hiyo mwaka 1957, huku kambi zikiwa bado zimejaa. Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya Hola, walinzi waliwapiga mahabusu waliokataa kazi hadi 11 wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikahusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Kwenye nchi ambako Mwitaliano aliyetoroka alifungwa siku 7 tu, Mkenya aliyekataa kushika jembe alipigwa hadi kufa, na kati ya visa hivyo imepita miaka 16 tu.

Leo Łambinowice pana makumbusho ya mateka wa vita, na kazi yake kubwa ni majina. Kwa Waingereza kazi hiyo ilikwisha zamani: waliofia Lamsdorf walihamishiwa makaburi ya Rakowicki mjini Kraków, kila mmoja na jiwe lake lenye jina, kikosi na tarehe. Wasovieti wamelala pale pale, kwenye mahandaki marefu yaliyofunikwa kwa majani. Lakini walioandikishwa Stalag walikuwa nao wamefunguliwa kadi, zenye picha na alama ya kidole, ambazo hazikutumwa Geneva. Jeshi Jekundu lilizichukua mwaka 1945 likazifungia kwenye ghala la nyaraka. Zilipofunguliwa kwa watafiti katika miaka ya 1990, familia zilizokuwa zimeambiwa "hajulikani alipo" tangu 1941 zikaanza kuonyeshwa uso wa baba, namba yake, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa mkono wa karani wa kambi.